Sista Mwenye Mikono ya Kalenda

Soko huria lilipofika Arusha, kila mtu aligeuka mtaalamu wa jambo fulani. Aliyekuwa akiuza mkaa akawa wakala wa utalii. Aliyekuwa fundi baiskeli akaandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba anatengeneza friji. Mimi nilikuwa binti wa Nkoaranga, mtoto wa mzee wa kanisa la Kilutheri, niliyejifunza kupiga picha harusini kwa kamera ya kuazima. Nikanunua kompyuta iliyokuja kutoka Dubai na mikwaruzo yake, nikafungua studio Ngarenaro, kati ya fundi makochi na duka la mitumba, nikajiita mhariri wa picha. Hakuna aliyeniuliza nimesomea wapi.

Watu walinipenda kwa sababu nilikuwa na nguo. Sisemi nguo za kuvaa. Ndani ya kompyuta nilikuwa na faili lililojaa mavazi yasiyo na vichwa: suti nyeusi, suti ya kijivu, tai za kila namna, magauni ya harusi, joho la kuhitimu chuo. Mtu alikuja na fulana iliyochakaa, nampiga picha, namkata kichwa, nampachika kwenye suti, anaondoka bosi. Nimewavisha suti vijana ambao hawajawahi kuingia ofisini hata kuuliza njia. Nimemvisha joho la shahada jirani yangu fundi makochi, akaituma picha kwao, na mpaka leo kijijini wanamwita msomi. Nilijisikia kama serikali.

Siku moja aliingia Mangi. Namwita hivyo kwa kuwa ndivyo tulivyomwita mtaani, kama tulivyowaita wafanyabiashara wote wa Kichaga waliokuwa na duka lenye milango miwili. Alikuwa Mkatoliki wa Kilimanjaro, anauza vifaa vya ujenzi, na alipenda sana Mungu ajue kwamba anauza vifaa vya ujenzi. Benchi alilotoa kanisani liliandikwa jina lake pande zote mbili, nadhani ili hata anayepiga magoti asipate pa kukimbilia.

"Dada, mdogo wangu anafunga nadhiri za daima," akasema. "Ni sista. Tunafanya sherehe, nataka kadi yenye picha yake. Lakini iwe picha ya maana."

Nikamuuliza kama ana picha. Akasema hana, ila mdogo wake aliwahi kupiga pasipoti hapa hapa kwangu, aliposafiri kwa ajili ya masomo. Nilitafuta kwenye kompyuta nikaipata: sura ndogo, kifuani imeishia, ukuta mweupe nyuma. Picha ya pasipoti ni kama ilivyo, haina uzuri na haina ubaya. Mangi aliitazama akasikitika kama aliyepewa mche wa mgomba uliooza.

"Sasa hapa usista uko wapi?" akauliza. "Mvalishe vizuri. Awe sista kamili. Watu wakipokea kadi wajue."

Ningemwambia aende utawani akaombe picha. Ningemuuliza hata shirika gani. Lakini fundi haulizi, fundi anafanya. Mimi Mlutheri nilijua nini kuhusu masista? Niliwaona sokoni wakinunua nyanya, wengine kijivu, wengine bluu, wengine weupe, nikadhani ni suala la nini kimekauka kambani.

Kwenye faili langu la nguo hakukuwa na sista. Ukutani kwa fundi makochi, hata hivyo, ilining'inia kalenda ya kanisa kutoka Ulaya, ya mwaka uliokwisha zamani, na mwezi mmojawapo ulikuwa na mtawa mzee wa Kizungu amepiga magoti, mikono ameikunja kifuani. Vazi jeusi limemfunika mpaka miguuni, kitambaa cheupe kimezunguka uso na shingo, kiunoni amefunga kamba nyeupe. Huyo ndiye sista! Nikaazima kalenda, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikamtoa bibi wa watu uso wake, nikaweka wa mdogo wake Mangi.

Nilifanya kazi siku mbili, na nitasema bila haya kwamba ilikuwa kazi safi. Mwanga kwenye pasipoti ulitoka kushoto, kwenye kalenda ulitoka kulia, basi nikageuza kalenda ielekee upande wa pili kama kwenye kioo, vivuli vikakubaliana. Ikabaki mikono. Mikono ilikuwa ya Kizungu, yenye madoa ya uzee. Nikaipaka rangi kidole kwa kidole mpaka ikawa ya Kichaga. Kwenye kidole kimoja kulikuwa na pete. Sikuiweka mimi, ilikuja na mikono.

Mangi alipoiona alisimama. "Na pete!" akasema. "Dada, wewe umeona mbali. Hapo hapo, usiguse."

Kadi zikachapwa, karatasi ngumu, maandishi ya dhahabu. Mangi akazigawa Arusha nzima na nusu ya Moshi. Nami nikabandika moja kwenye dirisha la studio, chini yake nikaandika kwamba tunavisha mavazi ya kila aina. Niliona fahari, nisiseme uongo.

Haikupita wiki mbili Mangi akarudi, na safari hii hakuwa na sauti ya vifaa vya ujenzi. Aliketi kwenye kiti cha wateja akafuta jasho.

"Umeniua," akasema.

Kadi ilikuwa imefika utawani. Mama Mkuu, yaani mkuu wa shirika lao, aliitazama akaona mtawa wake amevaa vazi la shirika jingine, amevaa na pete ya nadhiri za daima ambazo hajafunga, amekwenda studio kupigwa picha na kuzisambaza mji mzima. Alimwita sista, ambaye alikuwa kituoni kwao Nduruma akihudumia zahanati, akamuuliza vazi amelipata wapi. Sista akasema hajui. Pete je? Hajui. Studio ulikwenda lini? Sikwenda. Na kadi ilikuwa mezani, uso wake, nyusi zake, hata kovu dogo la kidevuni.

"Mama Mkuu anasema picha ni picha," Mangi akaniambia. "Anasema mtu anayeweza kudanganya huku ushahidi uko mezani hawezi kufunga nadhiri mwaka huu. Labda mwakani. Labda asifunge kabisa."

"Hukumwambia kwamba ni kompyuta?"

"Nimemwambia! Ananiuliza, kompyuta inashona?"

Msicheke. Miaka ile watu walijua kompyuta inaandika barua na inapiga hesabu. Kwamba inaweza kumvisha mtu asiyekuwepo, hilo lilijulikana kwetu wachache, na tulilitunza sana kwa sababu ndilo lililotulisha. Huyo msichana alikuwa amekaa utawani miaka tisa, tangu kuomba kuingia mpaka hapo. Miaka tisa ya kuamka kabla ya jogoo, na sasa ilining'inia kwenye kidole cha bibi wa kalenda. Nilipata hofu ya kweli. Mangi naye alikuwa na hofu, ila yake ilielekea kwa ng'ombe wawili wa sherehe aliokwisha kuwaagiza.

Nikamwambia amlete Mama Mkuu studio, aone mwenyewe.

Alikuja siku ya pili asubuhi, anaendesha pikapu mwenyewe, mama wa makamo, mfupi, mwenye macho yasiyopepesa. Vazi lake lilikuwa la kijivu, kola ndogo nyeupe, shela ya bluu iliyokolea yenye utepe mweupe mbele, na msalaba wa mti kwenye kamba nyeusi. Hakukuwa na kitu kimoja kilichofanana na kazi yangu. Niliona hivyo alipokuwa bado mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Bwana asifiwe," nikajibu, Ulutheri umenitoka bila kuombwa. Kisha nikakumbuka adabu. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ndiye wewe fundi?"

Jambo la kwanza aliloliona ni kadi dirishani na tangazo langu chini yake. Alilisoma lote. Kisha akaketi mbele ya kompyuta, Mangi amesimama nyuma yake ameshika kofia, na akaanza kuniuliza kuhusu kadi kabla sijawasha chochote.

"Hiki kitambaa kinachozunguka shingo, kwetu hakuna. Kamba hii ya mafundo matatu ni ya familia nyingine ya kitawa, mafundo ni nadhiri zao tatu. Wewe uliona ni mkanda tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Pete ni ya nadhiri za daima. Huyu ana nadhiri za muda. Na kwetu huvaliwa mkono wa kushoto. Hii iko kulia."

"Niligeuza picha, Mama. Kwa ajili ya vivuli."

"Kwa ajili ya vivuli," akarudia. Akasogeza uso karibu na kadi. "Na hii mikono ni ya nani? Mtoto wangu analima, anaosha wagonjwa. Hii mikono haijawahi kushika jembe."

Nikawasha mashine. Kazi za namna ile huwekwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, kama mtu anayevaa nguo nyingi wakati wa baridi, na kila tabaka unaweza kulificha kwa kubonyeza. Nikafungua kazi yenyewe. Nikabonyeza, mikono ikatoweka. Mama Mkuu akashika meza. Nikabonyeza, kamba ikaondoka. Nikabonyeza, vazi lote jeusi likapotea na uso wa sista ukabaki ukielea peke yake. Mangi, aliyelipia kazi hiyo, akapiga ishara ya msalaba.

"Kwa hiyo hakuvaa," Mama Mkuu akasema.

"Hakuvaa, Mama. Hakuwepo. Hata mimi sijamwona tangu siku ya pasipoti."

Niliona mabega yake yanashuka, na nikajua mambo ya nadhiri yamepona. Ningezima mashine hapo nikawa shujaa. Lakini ukiwa na mashine mpya huwezi kujizuia, unataka mtu aone mpaka chini. "Na hii ndiyo picha yenyewe ya mwanzo," nikasema kwa furaha, nikabonyeza tabaka la mwisho.

Ikatokea ile pasipoti. Vazi la kijivu, kola nyeupe, kila kitu kama cha Mama Mkuu. Ila shela ilikuwa imerudishwa nyuma mpaka kisogoni, utepe mweupe umekaa utosini, nywele fupi nje, masikio yote mawili nje.

Mama Mkuu hakusema juu ya kadi tena. "Nani alirudisha shela?" akauliza.

Kila mpiga picha wa pasipoti mjini alijua sheria hiyo: masikio yaonekane. Tulimvua kofia mzee, tulimvua kilemba mama, tulimsogeza mtoto nywele. Nani aliitunga sheria hiyo sijui. Niliipokea kwa aliyenifundisha, naye aliipokea kwa mwingine, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika Uhamiaji kuuliza.

"Mimi, Mama," nikasema. "Uhamiaji wanataka masikio."

Akafungua mkoba, akatoa pasipoti yake mwenyewe, akaifungua mezani. Alikuwamo humo na shela yake mahali pake, uso wote wazi kuanzia kwenye utepe mpaka kidevuni, masikio hayapo.

"Hii imenifikisha Roma na kunirudisha," akasema. "Uhamiaji ni hao hao. Wanataka uso. Nani amewaambia ninyi masikio?"

Mangi akakohoa akatazama dari, akifurahi kuona mjinga si yeye peke yake.

"Yeye alisema nini ulipomwambia arudishe?"

"Hakusema kitu, Mama," nikajibu haraka. "Alirudisha tu mwenyewe."

Akaniangalia, kisha akafunga pasipoti yake. Akamwambia Mangi kwamba nadhiri zitakuwa siku ile ile iliyopangwa, na kwamba kadi zote zirudi, moja moja, kwa mkono wake yeye Mangi, si kwa kumtuma mtu. Mangi akaanza kueleza ukubwa wa mji. Akanyamazishwa kwa kidole.

"Na watu wanahitaji kadi nyingine," Mama Mkuu akaniambia. "Sista kesho anaingia mafungo ya sala mpaka siku ya nadhiri. Simtoi mafungoni kwa sababu ya picha. Utafanyaje?"

Nikamwambia kwa unyonge kwamba kama nitapata picha ya shela halisi ya shirika, iliyopigwa kwa mwanga ule ule, naweza kuiweka juu ya ile iliyorudishwa nyuma. Akasimama, akaenda mwenyewe kwenye ukuta mweupe, akaketi kwenye kiti cha kupigia pasipoti.

"Chukua yangu," akasema. "Sura yangu itupe."

Nilimpiga, taa kushoto. Kisha akavuta kiti karibu nami akasimamia kazi kuanzia asubuhi mpaka saa nane, na ninaapa sijawahi kuwa na mwalimu mkali kama yule. Utepe mweupe ulitakiwa kuwa na upana wa vidole viwili, naye aliweka vidole vyake kwenye kioo kupima. Shela ishuke nyuma ya mabega, isije mbele, kwa kuwa ikija mbele ni ya shirika jirani. Nilipotaka kuinyoosha mikunjo ili ipendeze akanikataza, akasema shela huvaliwa na mtu anayefanya kazi. Mkono wangu ulipozoea kwenda kwenye mashavu, kuyang'arisha kama nilivyowang'arisha maharusi wote wa Ngarenaro, aliushika.

"Ngozi yake iache. Na kovu lirudishe."

Nilikuwa nimelifuta bila hata kujua.

"Pete je, Mama?" Mangi akauliza kutoka kwenye kona. "Si bado siku chache tu? Kadi ni ya nadhiri hizo hizo."

"Usimpe asichoahidi bado," Mama Mkuu akasema, "wala usimnyang'anye alichokwisha kuahidi. Shela anayo. Pete hana."

Picha ile ilikuwa ndogo, haina magoti wala mwanga wa mbinguni. Msichana wa Kichaga, mwenye kovu kidevuni, anatazama mbele. Mangi alisema kwa kunong'ona kwamba haina mvuto. Lakini aliichapisha, kisha akapita nyumba kwa nyumba kukusanya za kwanza, na niliambiwa kwamba wengi walimgomea kwa sababu ile ya dhahabu walikuwa wameshaiweka kwenye kabati la vioo. Tangazo la dirishani nililibandua mwenyewe kabla pikapu haijapinda kona.

Siku ya nadhiri niliitwa kupiga picha. Nikakaa pembeni mwa kanisa, nikaona alivyolala kifudifudi sakafuni wakati majina ya watakatifu yanaimbwa moja moja, alivyosimama akasoma nadhiri zake kwa sauti isiyotetemeka mbele ya Mama Mkuu, alivyotia sahihi juu ya altare. Pete ikaja mwisho, mkono wa kushoto. Niliutazama mkono huo kwenye kamera. Ulikuwa mpana, una magamba yaliyoletwa na dawa ya kusafishia, kucha zimekatwa fupi. Nililia kidogo, na sioni aibu kusema hivyo, ingawa baba yangu angeniuliza Mlutheri analilia nini huko.

Baada ya misa, Mangi akiwa anawapanga wageni kulingana na ukubwa wa magari yao, sista alikuja mwenyewe nilipokuwa nakusanya vifaa. Nilimwamkia, nikaanza hotuba niliyoiandaa: kadi, kalenda, kamba, pete, ujinga wangu, anisamehe kwa kumponza.

Alicheka. "Hiyo kadi nimekwisha kuisamehe. Uliifanya nikiwa sipo. Hata sikujitambua, nilidhani ni bibi mmoja hivi."

"Ahsante, Sista."

"Lakini Mama Mkuu ameniambia ulisema siku ya pasipoti sikusema kitu."

Nikasema ndivyo ninavyokumbuka.

"Nilikuambia haturuhusiwi," akasema, kwa upole kabisa. "Ukasema masikio. Nikakuambia mara ya pili. Ukasema, Sista, harakisha, nyuma yako kuna foleni."

Nilijaribu kukumbuka. Nilitafuta kwa bidii, foleni, kiti, taa, msichana mwenye shela ya bluu. Sikupata chochote. Ningeweza kuchora kila mkunjo wa yule bibi wa kalenda.

"Kwa nini hukuondoka?" nikamuuliza.

"Nilidhani wewe ndiye unayejua," akasema, akaenda kumwamkia mama yake.